Mwanangu, Nipunguzie Kidogo Tu

Voisi noti ya dakika nne si ujumbe, ni ibada. Ilianza kwa salamu zangu mimi, salamu za mke wangu, salamu za watoto ambao huyu mama hajawahi kuwaona, kisha maombi mafupi ya kuilinda cherehani yangu dhidi ya mabaya. Nikajua nimekwisha. Huku sokoni Uhuru, mteja akikuombea kabla hajataja kazi, shika mfuko.

Dakika ya tatu ndipo nyoka akatoa kichwa. "Sasa mwanangu, yale magauni sita ya wasichana wa ruracio, umeniambia elfu ishirini na saba. Si ni mengi? Nifanyie ishirini, bei ya jumla. Wewe ni kama mtoto wangu."

Mtoto wake! Mtoto wake wa kumzaa anafanya kazi benki, na sijasikia akiombwa apunguze riba kwa sababu wateja wamekuja sita.

Kabla sijafungua mdomo, stima ikapotea. Nikanunua tokeni, na ile mashine haikuniuliza kama sisi ni familia. Asubuhi hiyo hiyo mvua ya manyunyu tu, si mvua ya kusema ni mvua, kondakta akapandisha nauli na gari zima likatoa pesa kimya kama watu wa matanga. Hakuna aliyesema "nipunguzie, tuko wengi". Kumbe katika jiji hili lote la Nairobi bei inayoteremka ni ya fundi peke yake.

Sasa hebu tuongee hii bei ya jumla, maana inanichoma. Bei ya jumla ipo, siikatai. Mwalimu akiniletea sare hamsini za darasa la nne, ninatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, naweka patani moja, mkasi unapita mara moja na sketi kumi zinatoka. Hapo nimeokoa saa, na saa hizo nagawana na mwalimu bila kuombewa. Lakini wasichana sita wa ruracio ni miili sita. Mmoja ana kifua, mwingine ana mabega ya kuogelea, mmoja ni mrefu kama mlingoti, na mmoja, kama nilivyonong'onezwa, ni mjamzito na tumbo litakuwa limeongezeka kabla ya siku yenyewe. Kila mmoja na vipimo vyake, patani yake, na siku yake ya kuja kujaribu akiwa amechelewa saa mbili. Tena ni kitenge chenye maua makubwa, na mama anataka ua likutane na mwenzake katikati ya mgongo, pale kwenye zipu. Maua hayakutani kwa maombi. Unakata kipande kimoja, unakilaza juu ya kitambaa, unatafuta ua mwenzake, unakata cha pili. Tabaka juu ya tabaka hapo sahau. Kwa wingi wa hawa sita ninachookoa ni uzi.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kitenge analeta mwenyewe. Gauni moja linakula bitana, zipu, gamu ya kukazia kifua na ile mifupa ya plastiki inayosimamisha gauni lisilo na mikono lisije likateremka mbele ya wazee: hapo ni 1,050. Kijana wangu wa kushona ni 1,200. Pango la kibanda, stima na kupiga pasi, nikigawanya kwa kila gauni, ni 550. Jumla 2,800. Katika 4,500 ninabaki na 1,700, na hiyo ndiyo kukata kwangu, kupima kwangu, kufumua na kurudia, na macho yangu. Kwa magauni sita ni 10,200.

Mama anaomba nitoe 7,000.

Kwake yeye ni robo ya bei, kitu kidogo, punguzo la adabu kabisa. Kwangu mimi ni zaidi ya theluthi mbili ya riziki, maana duka la bitana halitapunguza, wala kijana, wala mwenye kibanda. Mteja anapunguza kutoka juu, na fundi anakatwa kutoka chini. Nitabaki na 3,200 kwa miili sita, yaani mia tano na kitu kwa kila gauni la kulinganisha maua. Hiyo pesa haitoshi hata dawa ya mgongo.

Basi nikaandika jibu, kwa heshima zote za mtu mzima. "Mama, gauni la elfu tatu lipo Gikomba, limevaliwa na Mzungu mmoja tu."

Jirani yangu wa vifungo alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Huyu mama anauza vifungo na nyuzi tangu mimi nikiwa nashona viraka, na hajawahi kupunguza bei ya kifungo hata cha shilingi tano, na bado wateja wake wanamletea mandazi. Akanyoosha mkono. "Lete simu."

Nikamwambia nitalainisha. Nikafuta, nikaandika kwa unyenyekevu: "Samahani sana mama yangu, kwa kweli ningependa kukusaidia lakini hali ya uchumi ni ngumu, vitu vimepanda, labda kwa sasa itakuwa vigumu kidogo."

Akasoma kwa sauti, polepole, kama karani wa korti. Kisha akaniuliza, "Umemwambia bei ni ngapi?"

Nikatazama. Kweli, bei haimo. Kuna uchumi, kuna huruma, bei hakuna.

"Umesema *labda*," akaendelea. "Atasikia labda, atangoja. Umesema *kwa sasa*, atarudi Jumatatu. *Vigumu kidogo*, atakuongezea kidogo. Na uchumi, unadhani uchumi uko kwako peke yako? Atakujibu kwa uchumi wake, na ana mabinti watatu. Hapo mtashindana kulia na atakushinda."

Nikaona nitumie silaha yangu, ile risiti. Nimwandikie kila kitu: bitana, zipu, mifupa, pango. Mama wa vifungo akacheka mpaka akashika meza. "Mwonyeshe bitana ni bei gani, aje na dada yake anayejua duka la Islii lenye bitana rahisi. Mtaanza kununua zipu pamoja. Hesabu ni yako, ya kukufanya usitetemeke. Ya mteja ni bei."

Hapo nikanyamaza, kwa sababu mtu anayeuza kifungo kwa shilingi tano akiwa na msimamo ni profesa.

Tukakaa chini tukaandika pamoja, yeye akifuta na mimi nikilalamika. *Samahani* akaifuta yote. Samahani ni ya kumkanyaga mtu mguu, akasema, na wewe hujamkanyaga mtu, umetaja bei. *Lakini* ikaenda nayo, kwa sababu ukisema "nakupenda mama, lakini", mapenzi yote yanamwagika pale pale. Nikauliza, sasa urafiki utatoka wapi kama nimefutiwa kila kitu? Akasema urafiki uko kwenye hongera, mwanawe anaolewa na wewe hata hujampongeza, unakimbilia uchumi. Na uko kwenye kumpa njia nyingine. Akiwa kweli ana 20,000, kipunguze kinachoshonwa, bei ya mkono wako ikae ilipo.

Hapo akanikumbusha kazi yangu mwenyewe. Nikitoa mifupa na gamu kidogo, bitana ikaishia kiunoni badala ya kushuka hadi chini, na mikanda miwili ya mabegani ikashikilia gauni, kwenye vifaa na mshahara wa kijana ninaokoa kama 800, na mimi mwenyewe namaliza mapema. Hiyo naweza kuishona kwa 3,600 na nikalala. Tofauti itaonekana, sitamficha: kifua hakitasimama vile kwenye picha, na chini kitenge kitagusa ngozi. Achague.

Ujumbe ulioondoka ni huu:

"Habari yako Mama. Hongera sana kwa familia, nimefurahi kusikia siku imepangwa. Gauni la mtindo ulionitumia, lenye bitana nzima na kifua cha mifupa, ni 4,500. Yote sita ni 27,000, na hiyo ndiyo bei yake. Ukipenda kukaa karibu na 20,000, naweza kushona umbo hilo hilo lenye mikanda ya mabegani, bila mifupa na bitana ikiishia kiunoni, kwa 3,600. Yote sita yatakuwa 21,600. Wasichana wakija kupimwa Jumamosi hii na nusu ya malipo ikiingia, yote yatakuwa tayari Alhamisi kabla ya sherehe. Nianze na yapi?"

Angalia hilo swali la mwisho. Mimi ningeandika "unaonaje?", na Mama angeniambia anavyoona, dakika nne nyingine. "Nianze na yapi" linamkuta tayari yuko ndani ya duka, anachagua. Na ile Alhamisi si mapambo. Inamwambia kwamba siku zinakwisha bila mimi kumtisha.

Tiki mbili za bluu. Kimya. Nikatengeneza zipu ya suruali ya askari. Kimya. Mkono ukaanza kuniwasha kuandika "au 25,000?", na mama wa vifungo, bila hata kugeuka, akasema, "Weka simu chini." Huyu mwanamke ana macho kisogoni. Wapo mafundi wengi hapa sokoni ambao mteja hakuwapunguzia hata kidogo. Walijipunguzia wenyewe wakati mteja alikuwa jikoni anageuza chapati.

Jibu likaja jioni. Hakuna maombi safari hii. "Sawa mwanangu. Tufanye ile ya 4,500. Lakini huyu mwenye mimba, hiyo mifupa si itambana?"

Mama ana akili. Mjamzito wa miezi ile hafungwi mifupa, nami ningemwambia hivyo siku ya kupima. Nikamjibu: watano kwa 4,500, mmoja kwa 3,600 na nafasi ya kuachia tumboni, jumla 26,100. Akafurahi sana. Huko kwenye kamati nasikia anasema ameniteremsha, mimi fundi mgumu wa Uhuru, kwa shilingi mia tisa. Mwache aseme. Kazi ya mia tisa hiyo siifanyi.

Nusu ni 13,050. Nikamwandikia hivyo, nikapokea: 13,000. Bila ya kutoa.

Hamsini, jamani. Na hamsini ndiyo nauli ambayo kondakta hajanirudishia tangu Ijumaa, aliandika nyuma ya tikiti "50", akasema nikishuka nimkumbushe, nikamkumbusha, akaniambia ngoja tufike stejini, stejini akashuka yeye kwanza. Tikiti ninayo. Gari nalijua, lina kioo cha nyuma kilichobandikwa gundi. Na mama naye kaongeza ujumbe mwingine: vile vipande vya kitenge vitakavyobaki, si nitawashonea wazee kofia sita hapo hapo, ni vipande tu?