Mazoezi ya handiboli Kisumu mwezi wa Ramadhani: nani abadilishe ratiba?

"Nina timu ya handiboli hapa Kisumu, shule ya kutwa, na karibu nusu ya wachezaji wanafunga. Niwapumzishe mpaka Idd ama nisongeshe taimu ya mazoezi kwa timu nzima?"

Kwanza tuangalie mwili. Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo mtoto anakula daku kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri hivi, halafu hagusi maji mpaka magharibi, ambayo Februari na Machi ni saa moja kasoro dakika chache, hapo ni kama masaa 13 na nusu, na hiyo miezi ndio jua la Kisumu linachoma vibaya. Ukiuliza watu wa sayansi ya michezo watakuambia mazoezi ya nguvu yawekwe lisaa limoja kabla ya kufuturu ama baada ya kufuturu, juu mtoto akimaliza anakunywa maji saa hiyo hiyo. Shule ya bweni inaweza kufanya hivyo bila shida.

Lakini wewe ni shule ya kutwa, na hapo ndio kuna kigingi. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinaweka michezo kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na dakika 45. Ukisongesha mazoezi mpaka saa kumi na mbili umetoka nje ya kanuni, na pia msichana wa Manyatta ama Nyalenda atafika nyumbani giza limeingia na futari ishapoa, mzazi hatakubali na siwezi kumlaumu. Kwa hivyo saa nzuri kwa mwili si saa nzuri kwa shule.

Kuna makochi wanasema basi wanaofunga wakae nje mwezi mzima. Naelewa wanatoka wapi, kalenda ya michezo ya temu ya kwanza haingojei mtu, na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, so hii shida itabaki temu ya kwanza kwa miaka kadhaa bado. Lakini mtoto akikaa wiki nne bila kufanya chochote pumzi inaisha, na baada ya Idd unaanza upya na mechi ziko mlangoni. Tena mwili haudai mazoezi marefu ili ubaki ulivyo. Ukipunguza muda lakini ukaacha ile kasi kama ilivyokuwa, mchezaji anaweza kukaa wiki kadhaa bila kushuka sana.

Mimi ningepanga hivi. Mara mbili kwa wiki tumia ile nafasi ya asubuhi kati ya saa moja na robo na saa mbili, bado kuna baridi na daku iko tumboni. Pasha mwili polepole, halafu mbio fupi za mita 20, sita hivi, na kati ya moja na nyingine apumzike dakika mbili nzima, kisha umalize na kurusha golini. Dakika 30 zinatosha. Usiweke mizunguko ya uwanja hapo, juu jasho litakalotoka asubuhi halirudishwi mpaka jioni na mtoto ako na masomo siku nzima. Jioni fanya dakika 40 kivulini, pasi, kujipanga kwa ulinzi, penalti. Wasiofunga waongezewe dakika zao mwishoni na wanywe maji bila kujificha.

Kuna kosa moja naona linafanywa na watu wazuri kabisa, mwalimu anaandika orodha ya wanaofunga na kila siku anauliza nani amefunga leo. Msichana akiwa kwa siku zake hafungi, na hiyo orodha inamtangaza mbele ya wavulana. Achana na orodha, badilisha zoezi la wote halafu sema yeyote akitaka kupunguza apunguze bila kueleza. Hii inafaa hata kwa somo la kawaida la michezo, litoe mchana uliweke vipindi vya kwanza asubuhi kwa huo mwezi.

Kuna wazazi wataona timu nzima imepunguziwa kwa ajili ya dini moja, na hilo si lalamiko la kupuuza, ndio maana zile dakika za mwishoni lazima ziwepo kweli, na kochi abaki nao, asiende zake.

Na mtoto akianza kuhisi baridi juani, ama majibu yake yamechanganyika, ama anayumba, zoezi limeisha hapo hapo. Peleka kivulini, mmwagie maji mwilini, mpe ya kunywa, na kama majibu yamechanganyika, hajielewi ama hawezi kumeza usimlazimishe kinywani, kimbiza hospitali. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku hiyo baadaye, na hili ongea na wazazi kabla mwezi haujaandama, mtoto asije akakataa maji kwa kuogopa nyumbani.