Bomba la Kupulizia Dawa: Ugumu wa Mwili au Upatikanaji wa Spea?

Likija suala la kumchagulia mkulima mdogo bomba la mgongoni, ushauri unaosikika zaidi ni huu: jibane, ununue lililo gumu, kwa kuwa rahisi ni ghali. Anayenunua bomba la kawaida, lile ambalo nusu ya majirani zake wanalo, huonekana amekimbilia bei. Nadhani tunamwonea. Mara nyingi mtu huyu amepiga hesabu ambayo mshauri wake hakuipiga: likiharibika katikati ya msimu, wadudu wakiwa tayari shambani, spea nitaipata wapi, na leo au wiki ijayo?

Hesabu hiyo ina msingi. Lifungue bomba la pistoni la lita 16 uone vinavyoanza kufa. Ni vitu vidogo na laini: kikombe cha mpira kwenye pistoni, valvu, oringi za triga, gasketi ya kifuniko, nozeli, na hosi pale inapokunjika karibu na tangi. Ukiiacha hosi, vyote vinaenea kiganjani. Kikombe hasa hakina namna ya kukwepa kifo, maana kazi yake ni kusuguana na silinda kutwa nzima huku kikiloweshwa na dawa ambazo nyingine zimeyeyushwa kwa vimiminika vya jamii ya mafuta ya petroli. Bomba ghali huja na mpira unaostahimili vimiminika hivyo kwa muda mrefu zaidi. Lakini nao huisha, na siku hiyo ubora wa tangi haumsaidii mtu chochote.

Dalili zake si za kubahatisha. Mkono wa kupampia unakuwa mwepesi, unapampu kila hatua na presha haipandi, na maji yanachuruzika kwenye fito la pistoni: hapo kikombe kimekwisha. Mkono ukisukumwa kurudi wenyewe unapouachia, tazama valvu ya kutolea. Huenda ina uchafu au haikai sawasawa, kwa hiyo presha iliyokwisha kuingia kwenye chemba inarudi kwenye silinda. Kosa hili la pili linaweza kuisha kwa kusafisha tu. La kwanza linataka kikombe kipya, na kikombe hakikubali kukadiriwa. Kikipungua kidogo tu kipenyo, dawa inapita pembeni. Kikizidi, mkono unakuwa mzito na mdomo wake unakatika mapema. Kikipachikwa kimegeuzwa, mdomo ukitazama upande usio na presha, hakishiki kabisa hata kama kimetoka kwenye pakiti sasa hivi.

Spea isipopatikana, mtu hukata kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu ile inazuia hewa vizuri lakini haipatani na mafuta. Ikikutana na dawa ya mafuta inavimba, inalainika, kisha inachanika, na mwenye bomba anarudi kwenye mkasi. Presha nayo inakuwa hafifu muda wote huo. Nozeli bapa ya rangi ya njano, ile ya namba 02, hutoa lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya bari 3. Kwenye bari 1 hutoa kama lita 0.46, na matone yake ni makubwa kuliko yalivyotakiwa. Mkulima anaona dawa haifiki vizuri, anapunguza mwendo, na kuanzia hapo kipimo alichokisoma kwenye lebo si kipimo kinachotua kwenye majani.

Kambi ya bomba gumu ina hoja moja nzito, nayo ni kuvuja. Wanasema mabomba ya kawaida yanavuja, na kinachovuja ni sumu. Ni kweli, na tuikadirie. Matone 20 hivi ni mililita 1. Triga inayodondosha tone moja kila sekunde, kiasi ambacho wengi hukipuuza, inamwaga mililita 180 kwa saa. Kwa saa mbili ni mililita 360, zaidi ya chupa ndogo ya soda, na sehemu kubwa inapita kwenye kiganja na mkono wa shati. Kama umechanganya mililita 40 za dawa kwa lita 16, humo mna karibu mililita 0.9 za dawa yenyewe. Mtu atasema ni kidogo. Lakini kitambaa kilicholowa hakikauki haraka. Kinakaa kimegandamana na ngozi yenye jasho hadi kazi iishe, na dawa nyingine hazihitaji nyingi ili zidhuru. Chanzo cha kawaida cha yote hayo ni oringi moja ya triga. Kwa hiyo mimi naisoma hoja hii kinyume na wanavyoisoma wao. Kila bomba litafika siku ya kuvuja. Tofauti iko kwa yule anayeweza kuibadilisha oringi kabla ya kazi ya kesho na yule atakayeendelea kupulizia hivyohivyo kwa kuwa oringi ya bomba lake inaagizwa mbali.

Hata hivyo, spea haziokoi kila kitu. Tangi lililopasuka kwenye kitako, pale linapokaa juu ya fremu, ni vigumu kuliziba likaaminika. Silinda iliyochubuka itakula kila kikombe utakachoipa. Tundu la mhimili wa mkono likishatanuka, pistoni inakwenda upandeupande. Pia spea za kuiga zina udhaifu wake: zinafanana kwa macho, lakini mpira ni duni au kipimo kimepotoka. Ugumu basi ukaguliwe kwenye vitu hivi visivyobadilishwa, na sehemu nyingine zote ziamuliwe na duka. Anayepulizia zaidi dawa za unga unaochanganywa na maji ana sababu ya kuegemea bomba la diaframu, linalosukuma dawa kwa kiwambo cha mpira badala ya pistoni, kwa kuwa chembe za unga hukwaruza silinda ya pistoni. Ila naye aulize diaframu ya akiba kabla ya kulipa. Ikitoboka, hakuna cha kukata kwenye tyubu.

Kwenye zana nyingine za shamba, jembe halitaki mjadala mrefu: chuma kigumu, na tundu linalopokea mpini unaoweza kuuchonga mwenyewe. Mkasi wa kupogolea unarudi kwenye hesabu ileile, kwa sababu springi hupotea na bleidi huisha. Uliofungwa kwa ribiti badala ya nati hauna matengenezo ya maana.

Dukani, omba bomba litiwe maji safi, lipampuliwe hadi mkono uwe mzito, kisha usipampu tena. Bana triga uone mpuliziko unadumu kiasi gani, iachie uone kama inadondosha, halafu lilaze ubavu uone kifuniko. Mwombe muuzaji aitoe pistoni mbele yako. Ikitoka bila kutumbukiza mkono ndani ya tangi, umeokoa mengi, maana siku ya matengenezo tangi hilo litakuwa na mabaki ya dawa. Kisha omba kikombe na seti ya oringi za bomba hilohilo, uvilinganishe na vilivyomo, ulipie pamoja na bomba. Ukijibiwa kwamba spea bado hazijafika, geukia bomba la pili kwenye rafu, hata kama tangi lake ni jembamba kidogo.