Jina la ofisi ya wabia: la ukoo au la kazi?

Wabia wanaofungua ofisi ya mawakili au ya wakaguzi wa hesabu huanza kubishana juu ya jina kwa kumfikiria mteja: lipi litakumbukwa, lipi litapendeza mlangoni. Hoja hiyo ni halali, lakini ndogo. Jina hupimwa hasa siku mbia mmoja anapoondoka, anapofariki au anapochafuka, na siku hiyo majina ya ukoo na majina ya kazi, yaani yanayotaja kazi ya ofisi badala ya watu wake, hayana tabia moja.

Majina ya ukoo yana sababu yake. Wakili na mkaguzi huuza sahihi yao. Katika ubia wa kawaida kila mbia hubeba madeni ya ofisi mpaka kwenye mali yake binafsi, kwa hiyo jina mlangoni lilikuwa tangazo la nani ataulizwa mambo yakiharibika. Ndiyo maana vyama vya mawakili sehemu nyingi vilishikilia mila hiyo kwa muda mrefu. Jimbo la New York liliwazuia mawakili wa ofisi binafsi kutumia majina ya kibiashara hadi mwaka 2020.

Tatizo ni kwamba jina hudumu kuliko mwenye jina. Arthur Andersen, mhasibu wa Chicago, alifariki mwaka 1947 akiwa na sifa ya kutoyumbishwa na mteja. Ofisi yake iliendelea kuitwa kwa jina lake na ikawa miongoni mwa kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani. Mwaka 1989 kitengo chake cha ushauri kilitengwa kikaitwa Andersen Consulting, pande mbili zikagombana kuhusu mapato, na mwaka 2000 msuluhishi aliamua kwamba washauri wanaweza kuondoka ila jina waliache. Januari 2001 wakaanza kutumia Accenture, jina la kutunga ambalo si la mtu yeyote wala halitaji kazi yoyote.

Wakati ule ilionekana wamepoteza mali. Mwaka 2002 sakata la Enron, kampuni ya nishati iliyokuwa ikikaguliwa na Arthur Andersen, likaifikia ofisi hiyo, mahakama ikaitia hatiani kwa kuvuruga uchunguzi, na ikaacha kazi ya kukagua kampuni za umma nchini Marekani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilitengua hukumu hiyo, lakini wateja walikwisha kuhama. Walionyang'anywa jina ndio waliosalimika. Hata hivyo, wanaotumia kisa hiki kuyakataa majina ya ukoo kabisa huacha sehemu yake ya mwisho: mwaka 2014 kampuni ya ushauri wa kodi iliyoanzishwa na waliokuwa wabia wa Andersen ilinunua haki za jina hilo na kulirudisha mlangoni. Jina la ukoo lililochafuka kiasi kile bado lilikuwa na mnunuzi. Ni majina machache ya kazi yangepata bahati hiyo.

Kuna hatari ya pili, ya kimya zaidi, inayomhusu mbia mstaafu. Sheria ya ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo sheria zetu za Tanzania na Kenya zimefuata misingi yake, inasema anayefanya biashara na ofisi baada ya wabia kubadilika anaweza kuwachukulia wale wanaoonekana kuwa wabia kuwa bado wamo, mpaka apewe taarifa. Sasa tazama kesi ya mwaka 1949. Wawili, Christmas na Ingram, waliuza samani London kwa jina la Merry's. Ingram akajitoa. Baadaye Christmas aliagiza bidhaa kwa karatasi za zamani zilizokuwa bado na jina la Ingram, halafu hakulipa. Muuzaji akamfuata Ingram. Mahakama ikamwachia: muuzaji hakuwahi kumjua kama mbia kabla hajaondoka, na Ingram hakuruhusu jina lake litumike baada ya hapo.

Ubao wa duka ulisema Merry's. Kama ungesema Christmas na Ingram, kila aliyepita barabarani angekuwa na cha kumwonyesha hakimu, na utetezi ule ungekuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo mbia ambaye jina lake limo katika jina la ofisi anahitaji mengi zaidi siku ya kuondoka: barua kwa kila mteja, tangazo kwenye gazeti la serikali, karatasi na mihuri ya zamani kuharibiwa. Aliyefariki ana nafuu. Jina lake kuendelea kutumika peke yake haliifanyi mirathi yake idaiwe madeni yaliyoingiwa baada ya kifo.

Hapo wengi husema, basi tuchukue jina la kazi: Mawakili wa Kodi na Biashara, au Wakaguzi wa Hesabu wa Mwanza. Halimtegemei mtu, linamwambia mteja anachokuja kununua. Lakini jina linaloeleza kazi haliwezi kufungiwa kabatini. Mwaka 1946 Baraza la Malodi la Uingereza lilisikiliza kampuni mbili za usafi wa ofisi, moja ikijiita Huduma ya Usafi wa Ofisi na nyingine Chama cha Usafi wa Ofisi, kwa tafsiri yangu. Ya kwanza ilishindwa. Anayechagua maneno ya kila siku kuwa jina lake, walisema majaji, avumilie tofauti ndogo kati yake na jirani. Na ukiwa mwanasheria wa ardhi unayejiita wa kodi na biashara, umejifunga kamba miguuni: mteja wa ardhi anapita, na aliyekuja kwa ajili ya kodi anaweza kudai umempotosha.

Cheti cha usajili hakiondoi udhaifu huo. Tanzania, ofisi inayotumia majina halisi ya ukoo ya wabia wote peke yake haibanwi kusajili jina la biashara. Ukiongeza neno kama "na Wenzao", au ukichukua jina la kazi, unakwenda BRELA. Lakini kusajiliwa si kumiliki neno.

Kwa ofisi ya watu wawili au watatu bado ningechagua majina ya ukoo, na si yote: moja au mawili, kwa sababu kila jina linaloongezwa ni mazungumzo mengine ya kuachana. Kampuni kubwa za ukaguzi zilifika hapo kwa kuchelewa, zikafupisha msururu wa waasisi kuwa herufi: Klynveld, Peat, Marwick na Goerdeler wakawa KPMG, PricewaterhouseCoopers ikajitangaza kama PwC mwaka 2010. Jina la kazi ningeliachia ofisi inayofanya kazi moja tu na inayotarajia wabia kuingia na kutoka mara kwa mara.

Ila chaguo hili halina maana kama mkataba wa ubia uko kimya. Mwaka 1900 mawakili wa London walioachana bila kuandika lolote kuhusu jina walifikishana mahakamani, na jibu likawa kwamba aliyekuwa mbia anaweza kuendelea kulitumia jina la zamani, mradi asiwatwike wenzake hatari ya madeni. Yaani ofisi mbili, jina lilelile. Kifungu kinachozuia hali hiyo si kirefu. Kitaje jina linabaki na nani mbia anapotoka, kwa malipo gani au bila malipo. Mwenye jina ana muda gani kabla ya kufungua ofisi kwa jina lake mwenyewe jirani na pale. Na ni nani analipia matangazo ya kuondoka kwake. Cha mwisho, ambacho karibu kila mtu hukisahau: wabia waliobaki wanaweza kulitoa jina lake lini, hata kama yeye hataki, iwapo atafutiwa leseni.