Mzazi aliyesaini dhamana ya mkopo wa mwanawe: nani alimshinikiza, na benki ilijua nini?

Kesi hizi humfikia wakili zikiwa na kauli moja: "Mzee alilazimishwa." Biashara ya mtoto imeanguka, benki imeandika barua ya madai, nyumba ya mzazi iko mbioni kuuzwa, na ndugu wote wanaapa kwamba mzee asingesaini kwa hiari yake. Huenda ni kweli. Lakini anayeng'ang'ania kulazimishwa mara nyingi amegonga mlango usio wake.

Shuruti katika sheria ya mikataba inataka tishio, tena tishio lisilo halali: kipigo, kufungiwa ndani, kunyang'anywa mali, au jambo la uzito huo. Mtoto anayemwambia baba yake, "Usiposaini, wajukuu hutawaona tena," amefanya jambo la aibu, ila ni vigumu kuishawishi mahakama kwamba hiyo ni shuruti. Maneno hayohayo yakirudiwa kila jioni kwa mzee mgonjwa, ambaye chakula chake, dawa zake na safari zake za hospitali zote ziko mikononi mwa mtoto huyo, yanakuwa ushahidi mzito wa kitu kingine: ushawishi usiofaa. Hapo haihitajiki ngumi wala kosa la jinai. Kinachotafutwa ni kama aliyesaini alikuwa anaamua mwenyewe, au uamuzi ulishafanywa na mwingine na yeye akatoa mkono tu.

Watu wengi hudhani umri peke yake unatosha. Hautoshi. Katika sheria iliyojengwa juu ya misingi ya Uingereza, yapo mahusiano ambayo mahakama huyachukulia tangu mwanzo kwamba upande mmoja una nguvu juu ya mwingine: mzazi juu ya mtoto mdogo, wakili juu ya mteja wake, daktari juu ya mgonjwa. Mtoto mtu mzima juu ya mzazi mzee hayumo. Anayedai lazima aonyeshe kwa ushahidi kwamba mzazi huyu hasa alimwachia mtoto huyu mambo yake ya fedha, na kwamba dhamana yenyewe haielezeki kwa upendo wa kawaida wa mzazi. Akifika hapo, mzigo wa kutoa maelezo unahamia upande wa pili.

Na bado hajamaliza, kwa sababu anayedai pesa ni benki, si mtoto. Benki itasema: sisi tulipokea karatasi iliyosainiwa, yaliyosemwa sebuleni kwao tungeyajuaje? Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na hapa ndipo kesi ya Benki ya Lloyds dhidi ya Bundy, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1974, inastahili kusomwa polepole.

Bundy alikuwa mkulima mzee, na mali yake pekee ya maana ilikuwa nyumba ya shamba yenye thamani ya takriban pauni 10,000. Mwanawe alikuwa na kampuni ya kukodisha mitambo, na baba na mwana walitumia benki moja kwa miaka mingi. Mwaka 1966 mzee alimdhamini kwa pauni 1,500, na nyumba ikawekwa rehani kwa kiasi hichohicho. Mei 1969 benki ilitaka zaidi: dhamana ya pauni 5,000 na rehani ya 6,000 juu ya nyumba. Safari hiyo ofisa wa benki alimwachia karatasi, mzee akazipeleka kwa wakili wake, na wakili akamwambia kwamba 5,000 ndio mwisho wa anachopaswa kuingiza katika mambo ya mwanawe. Akasaini.

Desemba mwaka huohuo mambo yalikwenda tofauti. Ofisa mpya wa benki alifika nyumbani kwa mzee akiwa na mwana, fomu zikiwa zimeshajazwa. Alieleza kwamba benki haitaendelea kuibeba kampuni bila dhamana zaidi. Mzee alisema yuko nyuma ya mwanawe kwa asilimia mia, akasaini palepale dhamana ya pauni 11,000 pamoja na rehani ya ziada ya 3,500. Ukijumlisha rehani zote unapata 11,000, kwa nyumba ya 10,000. Miezi mitano baadaye mwana alikuwa amefilisika, na benki ikaja kudai nyumba.

Mwana hakumdanganya baba yake, wala hakuna aliyemtisha. Mahakama haikumlaumu mwana, iliitazama benki. Ofisa mwenyewe alikiri mahakamani kwamba mzee alimtegemea yeye kabisa kwa ushauri juu ya jambo lile, na kwamba alijua mzee hana mali nyingine. Mzee alimuuliza kuhusu hali ya kampuni, naye hakuweza kumpa picha kamili. Hakumwambia aende kwa wakili, ilhali faida ya saini ile ilikuwa ya benki, kwani deni lililokuwepo lilipata kinga na kikomo cha ovadrafti hakikupandishwa. Majaji wote watatu walifuta karatasi za Desemba. Jaji Denning alitaka kuvuka hapo na kuweka kanuni pana ya kumlinda kila aliyebanwa na udhaifu wa nguvu zake katika mapatano, lakini mwaka 1985 Mabwana wa Sheria, majaji wa iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliikataa kanuni hiyo. Kilichobaki imara ni msingi mwembamba zaidi: benki iliyojigeuza mshauri wa mdhamini haiwezi kuvuna ushauri wake yenyewe bila kumpeleka kwa mtu huru.

Mfano wa pili umetoka Australia, mwaka 1983, katika kesi ya Benki ya Biashara ya Australia dhidi ya Amadio. Wazazi wa Kiitaliano, baba miaka 76 na mama 71, Kiingereza chao cha maandishi kikiwa dhaifu, walisaini jikoni kwao rehani ya kumdhamini mwana mwenye kampuni ya ujenzi. Waliamini kikomo ni dola 50,000 kwa miezi sita. Karatasi haikuwa na kikomo chochote. Hapa mwana ndiye aliyewapotosha, lakini meneja wa tawi alijua kampuni iko taabani. Alikuwa akishirikiana na mwana kuchagua hundi zipi zilipwe na zipi zirudishwe, kampuni ionekane nzima. Wazazi waliishi kwa kuamini kwamba mtoto wao amefanikiwa. Mahakama Kuu ya Australia ilifuta rehani yote, haikuipunguza tu hadi 50,000, kwa kuwa wangeijua hali halisi wasingesaini hata hicho kiasi.

Ziko hoja nzito za upande wa pili, na mimi sizifanyii mzaha. Mzazi mwenye akili timamu ana haki ya kufanya jambo la hatari kwa ajili ya mwanawe, hata jambo la kijinga. Bundy aliposema yuko nyuma ya mwanawe, hatuna sababu ya kudhani hakumaanisha. Mahakama zikianza kufuta kila dhamana iliyosainiwa na mtu wa miaka sabini kwa sababu tu mambo yameharibika, benki zitajibu kwa namna rahisi: hazitapokea tena nyumba ya mzee kama dhamana. Wazee wenye mali watajikuta wanachukuliwa kama watoto, na biashara nyingi za familia zitakosa mtaji wa kuanzia. Halafu kuna udhaifu wa ushahidi: familia nzima inayotaka kuokoa nyumba ina kila sababu ya kukumbuka shinikizo ambalo siku ya kusaini halikuonekana na mtu.

Hata hivyo hoja hiyo ina ufa. Uhuru wa mzee kuhatarisha nyumba yake unakuwa na maana pale anapojua anahatarisha nini. Benki ina taarifa zote za akaunti ya mtoto. Mzazi ana maneno ya mtoto. Gharama ya kuziba pengo hilo ni ndogo sana ikilinganishwa na nyumba. Ndiyo maana naona uamuzi wa Mabwana wa Sheria wa mwaka 2001, katika kesi ya Benki ya Royal ya Scotland dhidi ya Etridge, ulilenga mahali sahihi ulipoacha kuwataka mabenki wachunguze mioyo ya wateja. Kesi zenyewe zilihusu wake waliowadhamini waume zao, lakini kanuni imewekwa kwa kila mdhamini asiye wa kibiashara, mzazi akiwemo. Benki inatakiwa kuwasiliana na mdhamini moja kwa moja, si kupitia kwa mkopaji. Impe wakili wake taarifa za kusudi la mkopo, deni lililopo na masharti mapya. Na ipate barua ya wakili kwamba amemweleza. Wakili naye akutane na mdhamini ana kwa ana, mkopaji akiwa hayupo, aongee lugha ya kueleweka, na amwambie wazi kwamba ana hiari ya kukataa.

Utaratibu huo unailinda benki kuliko unavyomlinda mzazi, na tusijifiche. Benki yenye barua ya wakili kwenye faili kwa kawaida iko salama, hata kama ushauri ulikuwa wa dakika kumi na mwana alikuwa akisubiri nje na gari. Tena kuelewa si sawa na kuwa huru: mama anaweza kuelewa kila kifungu, na bado akasaini kwa sababu anarudi kuishi nyumba moja na aliyemtaka asaini. Kwa hiyo anayepeleleza kesi hizi asiishie kwenye barua ya wakili. Aulize nani alimchagua wakili na nani alimlipa. Aulize fomu zilijazwa wapi, ziliachwa kwa mzee kwa muda gani, na nani alikuwa chumbani. Alinganishe tarehe ya saini na taarifa za akaunti: dhamana iliyotolewa wiki ambayo hundi za kampuni zilikuwa zinarudi inasimulia mengi kuhusu kile benki ilichokijua.

Pia awahi. Dhamana iliyopatikana kwa ushawishi usiofaa haijafa yenyewe. Ni mkataba unaobatilika, na unabaki hai mpaka aliyeonewa aukatae. Mzazi aliyeondoka chini ya mkono wa mtoto, akajua haki yake, kisha akaendelea kulipa au kusaini nyongeza, anaweza kuhesabiwa kwamba ameuridhia. Warithi wanaweza kuendeleza madai baada ya kifo chake, na mara nyingi wanaofungua mafaili haya ni ndugu wengine waliokuta rehani kwenye nyumba ya urithi baada ya mazishi. Wanakuja na hasira ya haki kabisa dhidi ya ndugu yao, ila shahidi aliyekuwepo chumbani upande wa mzazi hayupo tena, na aliyebaki hai kati ya waliokuwepo ni yuleyule aliyefaidika pamoja na ofisa wa benki.