Shemeji Alivyomchuna Mpira

Shemeji yangu anauza nyama Majengo, hapa Dodoma, na kwa kumchuna mbuzi simjui wa kushindana naye. Ngozi inatoka nzima, haina tundu hata la sindano. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoleta balaa lote.

Nyuma ya bafu la nyumba yake kuna mti wa mpira. Ndiyo, mpira halisi, ule wa Muheza, na uko Ipagala. Mvua ya Dodoma kwa mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, na mpira hutaka zaidi ya mara tatu ya hizo, tena zilizosambaa miezi mingi. Huu umeishi kwa maji ya kuogea. Watu saba wanaoga pale kila siku, na dada hataki kusikia habari ya kuwekewa karo. Mti ulipofika unene wa sentimita 50 kwa kuzungushia futi, mita moja kutoka chini, nikamwambia shemeji umefikia kugemwa, nitakuja Jumapili alfajiri na kisu changu.

Shemeji hakuiona sababu ya kungoja. Jumamosi saa saba mchana, jua la Dodoma limesimama utosini, akatoka na kisu cha bucha.

Utomvu wa mpira hautembei kwenye mbao. Uko ndani ya gome, katika mishipa midogo iliyopangwa duara kwa duara, na unatoka kwa sababu mishipa hiyo imejaa maji na inasukuma. Usiku mti hunywa bila kupoteza mengi, kwa hiyo alfajiri msukumo unakuwa mkubwa. Jua likipanda, majani yanatoa maji, mishipa inalegea. Ndiyo maana wagemaji wa Muheza huingia shambani na taa kichwani. Ukikata saa saba mchana, tena gome ambalo halijawahi kuguswa, unapata matone machache ya kukejeli, kisha yanaganda.

Shemeji alipoyaona matone, akatoa hukumu ya kibucha: "Bado sijafika kwenye mshipa." Akazidisha kina.

Hapo ana haki nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoponza wengi. Gome la mti ule lilikuwa na unene wa milimita saba hivi. Sehemu ya nje ni kavu, karibu haina kitu. Mishipa mingi imejazana ndani, karibu na mbao. Mgemaji anayeogopa, akikata juu juu, anaacha utomvu mwingi mtini. Lakini kati ya mishipa hiyo na mbao kuna utando mwembamba mno, unaoitwa kambiamu, na huo ndio unaotengeneza gome jipya. Kwa hiyo kisu kinatakiwa kisimame milimita moja, moja na nusu, kabla ya kuufikia. Unene wa shilingi, basi. Mgemaji mzuri anausikia mkononi: gome la ndani ni laini na kisu kinateleza, na kwenye mkato anaona utomvu ukichomoza wote kwa pamoja, mweupe.

Shemeji alisikia kisu kikigonga kitu kigumu. Akaangalia: peupe, panateleza, panatoa maji maji badala ya maziwa. Mtu mwingine angesimama hapo. Yeye akafurahi. "Nimefika kwenye nyama!" Na kwa kuwa alishafika kwenye nyama, mazoea ya miaka yote yakamshika mkono: akaanza kuzunguka na kisu ili ngozi itoke.

Dada ndiye aliyemkuta, akiwa ameshazunguka theluthi mbili ya shina. Alipiga kelele mpaka majirani wakadhani nyoka. Nasema kwa uhakika kelele zile ziliuokoa mti. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda kwenye mizizi kupitia gome la ndani. Ukilikata duara zima mpaka mbao, mizizi inakosa chakula, na mti unakufa polepole huku juu bado ukiwa na majani ya kukudanganya. Wagemaji hukata nusu ya mzunguko tu, wakaiacha nusu ya pili ipumzike, waje kuihamia baadaye.

Lakini shemeji hakati tamaa. Jumapili alfajiri, kabla sijashuka kwenye bodaboda, alikuwa ameshachora mkato mwingine chini ya ule wa kwanza, safari hii juu juu, na kwa bahati kina kikaangukia panapotakiwa. Utomvu ukaja kweli. Tatizo, aliukata umelala kabisa, usawa wa maji. Mkato wa mpira huanzia juu kushoto ukashuka kulia, mteremko wa nyuzi 30 hivi. Sababu ni mbili: mishipa yenyewe imeinama kidogo upande wa kinyume, basi mkato unaoshuka kulia unaikatiza mingi zaidi; na utomvu unapata mfereji wa kuteremkia mpaka kwenye kijiko cha bati, kisha kikombeni. Uliolala hauna pa kwenda. Unafurika popote.

Ulifurika juu ya mkono wa shemeji. Alikuwa ameukumbatia mti, amekinga bakuli la mlenda kwa mkono mmoja na kwa mwingine anajaribu kuuelekeza utomvu kwa kidole. Ukamtiririkia toka kiwiko mpaka kwenye kifundo, na shemeji ana manyoya, Mungu alimjalia. Nilipofika ulikuwa umeshakauka, umekuwa utando wa mpira uliokamata kila unywele.

"Shemeji, hii inatoka kwa nini?"

"Kwa kuvuta."

Dada alijitolea kuvuta. Sijui kama ilikuwa huduma au adhabu. Kipande kilitoka kirefu, kimeshikana na manyoya yote, na shemeji akalia sauti ambayo mbuzi wa Majengo wangeitambua.

Tukaanza kuuguza mti. Nilipunguza kingo za gome lililoning'inia, nikasafisha, nikapaka mafuta mazito ya mgando yasiyo na chumvi kwenye mbao iliyo wazi, maana kidonda kibichi ni mlango wa kuvu. Nikafunga kazi ya kugema hadi gome lizibe. Pale kambiamu ilipopona, gome jipya litakuja laini, na baada ya miaka saba au nane linaweza kugemwa tena. Pale ilipokatwa, gome linazibia kutoka pembeni, linatokeza manundu ya mbao. Kisu hakipiti juu ya nundu: kinaruka, au kinachimba upya, na mishipa yake haikuungana vizuri hata ukikipitisha. Hapo pameshaharibika.

Shemeji alisikiliza kwa heshima, mkono wake mmoja unang'aa, mwingine una manyoya. Kisha akataka kujua kisu changu kikoje. Nikamwonyesha ncha iliyokunjwa, ambayo kila unapovuta inakata gome jembamba la milimita moja na nusu hivi, kisha unaupumzisha mti siku moja au mbili kabla ya kurudi.

"Milimita moja na nusu kwa siku tatu," akasema. "Sasa mtu anaishije?"

Dada akamwambia aende dukani, wateja wanangoja maini.