Hati ya makubaliano ya mafunzo: ifunge au isifunge?

Siku hizi shirika na chuo wakitaka kuendesha mafunzo pamoja, kitu cha kwanza ni hati ya makubaliano, kurasa tatu nne, saini, mihuri, picha ya kushikana mikono basi. Ubishi ni kama karatasi ile imfunge mtu kisheria au iwe ya nia njema tu.

Wanaotaka nia njema wana hoja nzito. Shirika kwa kawaida linaendesha mradi kwa hela ya mfadhili, na hela hiyo inaweza kukatika ghafla. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, shirika lililokuwa limejifunga kulipa chuo bila kuweka sharti la "fedha ikipokelewa" lilibaki na deni lisilo na pa kulitoa. Halafu mkataba wa kubana unapita kwa wanasheria, unakaa wiki kadhaa, na vijana wanasubiri.

Ila sasa angalia upande wa chuo. Chukulia vijana 40 wanasoma umeme wa jua miezi mitatu, wamekubaliana laki tatu kwa kila kijana, jumla milioni 12, lakini hati inasema tu "shirika litachangia gharama za mafunzo". Mwezi wa pili wametoroka 13, wamebaki 27. Shirika linataka kulipa milioni 8.1, chuo kinasema mwalimu tumeshamwajiri na nyaya tulinunua za watu 40, hiyo milioni 3.9 nani anaibeba? Sentensi ni ileile, kila mmoja anaisoma anavyotaka.

Na hapa wengi wanajidanganya, wanadhani wakiita hati badala ya mkataba wamepona. Kwa Tanzania, kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaangalia kama watu wamekubaliana kwa hiari yao, wana uwezo wa kisheria, kuna malipo halali na lengo halali, jina la juu halina shida nalo. Ila kifungu cha 29 nacho kinasema makubaliano ambayo maana yake haieleweki wala haiwezi kueleweka ni batili. Kwa hiyo ukiandika kimafumbo unaweza kubanwa kisheria usipotaka, au ukakosa haki yako ulipotaka kufunga.

Mimi naona karatasi moja inatosha, ila iseme wazi vipengele gani vinafunga na vipi ni nia tu. Malipo yafunge: sehemu isiyobadilika ya mwalimu na vifaa inalipwa kabla, sehemu ya kichwa kwa kichwa inahesabiwa kwa daftari la mahudhurio lililosainiwa na pande zote mbili siku iliyokubaliwa, na yote chini ya sharti la fedha kupokelewa. Sharti hilo chuo hakitalipenda, na kina haki, ndo maana kipewe ruhusa ya kusimamisha masomo awamu ya malipo ikichelewa, tuseme siku 30, bila kuonekana kimevunja makubaliano.

Vifaa vilevile. Paneli na betri zilizonunuliwa na mradi zinabaki chuoni au zinarudi? Hilo liandikwe kabla hazijashushwa kwenye gari.