Meseji nzuri ya kukosa kazi: ustaarabu au danganya toto?

"Jamani nimekosa kazi baada ya intavyuu mbili, ila meseji waliyonitumia imefanya niwapende hata zaidi. Ni ustaarabu kweli au wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

Inategemea ukishatoa sukari kinabaki nini. Mimi nimekaa upande wa kuajiri hapa Dar miaka kadhaa, hizi meseji nimeziandika nyingi tu, kuna ninazojivunia na kuna za aibu. Ninachoangalia ni kimoja, hivi hiyo meseji ukibadilisha jina unaweza kumtumia mtu mwingine yeyote? Kama inawezekana, basi hapo ni salamu tu umepewa.

Kuna kipindi tulikuwa tunatafuta mhasibu, tukaita watano wakabaki wawili, dada na kaka. Kazi akapata kaka. Yule dada nikamwandikia hivi: "Habari dada, asante kwa kuja mara mbili, najua siku ya pili ulitoka Kibaha na mvua ile. Nafasi tumempa mwombaji mwingine. Kilichoamua ni uzoefu wa kufunga hesabu za matawi mengi, kwetu ndiyo kazi kubwa. Lile zoezi la kulinganisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha, malipo yaliyoingizwa mara mbili uliyaona wewe peke yako."

Angalia jibu liko wapi, sentensi ya pili. Wengi wetu tunaona haya tunalificha chini kabisa, halafu tunaweka "kwa sasa hatutaweza kuendelea na wewe", na hiyo "kwa sasa" bwana ndiyo inaleta balaa, kuna kijana alinipigia baada ya wiki tatu anauliza hiyo sasa inaisha lini, na mimi ndiye niliyeiandika sikuwa na la kusema. Hivyo hivyo "tutahifadhi sivii yako". Serikalini kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira ipo kweli, aliyefaulu usaili akakosa nafasi anaweza kupangiwa kazi baadaye, na kwenye matangazo yao ya kuitwa kazini unakuta imeandikwa kabisa kwamba wengine wametoka kwenye kanzidata. Lakini ofisi nyingi binafsi hilo faili halifunguliwi tena, nafasi ikitoka inatangazwa upya tunaanza moja.

Sasa upande wa pili nao una hoja. Mabosi wengi hawataki utaje sababu kabisa, na sio roho mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi mpaka kwa mtu anayeomba kazi, kwahiyo ukiandika kizembe "tulitaka kijana zaidi" umejifunga mwenyewe kwa maandishi. Halafu ukitoa sababu mtu anaweza kuja kubishana, analeta barua ya kazi ya zamani kuonyesha hayo matawi alishayafanya, na wewe mwenzie ameshasaini mkataba. Mimi naona woga huu una ukweli ila umepitiliza, maana sababu iliyokuwepo kwenye tangazo na ikajazwa kwenye fomu ya maksi siku ya usaili unaweza kuisimamia popote. Pa kunyamaza ni pale ambapo sababu ya kweli huwezi kuitaja, mfano nafasi ilikuwa na mwenyewe toka mwanzo. Hapo andika fupi tu, hajapata, asante, basi. Ukianza kumsifia mtu uliyemwita kukamilisha idadi unamdanganya, tena kwa lugha nzuri.

Kingine ni ule ukimya, ambao watu wanauchukulia kama dharau. Mara nyingi aliyeshika namba mbili hajibiwi kwasababu namba moja hajasaini, anavuta muda kwa mwajiri wake, na akikataa tunarudi kwako. Ni kweli, ila haikatazwi kumwambia mtu "bado hatujamaliza, Ijumaa utapata jibu". Na usimpigie simu kumwambia kakosa, akiona namba ya ofisi tu moyo unaruka, anajua kapata.

Kwahiyo wewe isome tena hiyo yako, tafuta sentensi inayotaja kitu ulichokifanya mle ndani. Kama ipo, wajibu kwa ufupi uwaulize kipi kingekuvusha, aliyekuandikia kwa dhati mistari miwili haimshindi. Ukirudishiwa maneno yale yale ya mwanzo, jibu unalo.

Yule dada alinijibu jioni ile ile, akashukuru, akauliza ajifunze wapi hizo hesabu za matawi. Mwishoni akaongeza kwamba siku ya mvua hakutoka Kibaha, alitoka Mlandizi.